Hatifungani ya kikundi chetu: maswali mnayoniuliza kila kikao, na majibu ya mweka hazina

Ndugu wanachama,

Tangu tununue hatifungani mwezi Machi, kikao hakifungwi kwa wakati. Tukifika kwenye taarifa ya mweka hazina, mikono inanyooshwa, na aliyekosa nafasi ananipigia usiku au ananisimamisha sokoni Kiborloni nikiwa na kapu mkononi. Sina neno na hilo, hela ni zenu. Ila nimeona niyaandike maswali yote pamoja na majibu yake, ili hata aliyekosa vikao asome mwenyewe na apige hesabu ya hisa zake.

Namba zilizomo humu ni za hatifungani yetu hii moja. Kama una kikundi kingine Pasua au Soweto, usizihamishie huko. Soma namna hesabu inavyokwenda, halafu tumia namba zenu.

Tumenunua nini hasa?

Tumeikopesha Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania fedha, kwa shilingi, kwa miaka 10. Mkopo huo unauzwa kwa mnada na Benki Kuu kwa niaba ya Serikali, na ndio unaoitwa hatifungani. Serikali imeahidi mambo mawili: kutulipa riba kila baada ya miezi sita, na kuturudishia thamani ya hati siku itakapoiva.

Thamani ya hati yetu ni shilingi 12,000,000 na riba yake, yaani kuponi, ni asilimia 10.25 kwa mwaka. Kuponi haipandi wala haishuki mpaka mwisho. Tuko wanachama 24 wenye hisa 120, kwa hiyo kila hisa moja imebeba thamani ya hati ya shilingi 100,000. Tulichagua idadi hiyo makusudi, ili hesabu imwingie kila mtu kichwani bila kikokotoo.

Nilitoa 100,000 kwa kila hisa. Mbona unasema hisa ilinunuliwa kwa 94,500?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na baadhi yenu mnaliuliza kwa jicho la pembeni. Sawa, tulifungue.

Hatifungani ina thamani mbili. Kuna thamani ya hati, ambayo ndiyo Serikali itaturudishia na ndiyo inayopigiwa riba. Halafu kuna bei, ambayo ndiyo tuliyolipa siku ya kununua. Bei hutajwa kwa kila shilingi 100 za thamani ya hati. Sisi ilituangukia 94.50, maana yake kwa kila shilingi 100 tutakazorudishiwa, tulilipa shilingi 94 na senti 50. Kwa milioni 12 nzima ikawa shilingi 11,340,000.

Mlikuwa mmechanga 12,000,000. Zilizobaki, shilingi 660,000, hazikuliwa na mtu. Ziko kwenye akaunti ya kikundi na zimeandikwa kwenye daftari kama mfuko wa kutokea, na zinagawanyika kuwa 5,500 kwa kila hisa. Kazi yake nitaieleza kwenye swali la anayetaka kutoka. Nauli, fomu na makato ya benki tulivilipa kwa ada za vikao, hatukugusa mchango wa hatifungani.

Kumbuka pia kwamba riba inapigwa kwenye 100,000 ya hati na si kwenye 94,500 tuliyolipa. Ndiyo maana faida yetu halisi, tukikaa nayo mpaka iive, inafika kama asilimia 11.2 kwa mwaka na si 10.25. Ile tofauti ni punguzo tulilopata mnadani, nalo litalipwa siku ya mwisho tutakaporudishiwa 12,000,000 kwa 11,340,000 tuliyotoa.

Nani alipanga hiyo bei? Tulishindwa kubembeleza?

Hatukubembeleza kwa sababu hatukutaja bei kabisa. Mnadani kuna njia mbili. Wakubwa, kama mabenki na mifuko ya pensheni, huandika bei wanayoitaka na wanaweza kukosa kabisa wakiandika chini mno. Wadogo wanaoomba kuanzia milioni 1 hadi milioni 50 wanaruhusiwa kuomba kiasi tu bila kutaja bei, kisha wanapewa kwa bei ya wastani ya wale wakubwa walioshinda. Sisi tuliingia kwa mlango huo wa wadogo. Hauhitaji ujanja, na bei unayopata ni ile wajuzi wa soko waliyokubaliana nayo siku hiyo.

Ubaya wake ni kwamba huijui bei mpaka matokeo yatoke. Mnada hufanyika Jumatano na fedha hukatwa kesho yake, Alhamisi. Bei ingetoka 103, tungetakiwa kulipa 12,360,000 kwa hati ileile, na akaunti ingepungua 360,000. Kabla ya kuomba niliangalia matokeo ya minada iliyotangulia ya hati kama yetu, nikaona bei ziko chini ya 100, na bado nikaacha fedha za ada za vikao kwenye akaunti hiyohiyo kama kinga. Mweka hazina atakayekuja baada yangu afanye vivyo hivyo. Kuomba hatifungani wakati akaunti haitoshi ni kujitafutia fedheha benki.

Kila hisa inalipa kiasi gani, na lini?

Asilimia 10.25 ya 12,000,000 ni 1,230,000 kwa mwaka. Inalipwa nusu kwa nusu: 615,000 Septemba na 615,000 Machi. Gawanya kwa hisa 120, unapata shilingi 5,125 kwa kila hisa kila miezi sita. Mwenye hisa 2 anapata 10,250. Mwenye hisa 5 anapata 25,625. Dada yetu mwenye hisa 15 anapata 76,875.

Nasema wazi kwamba hela hiyo ni ndogo, na asiwepo mtu wa kuiwekea matumaini ya ada ya shule ya Januari. Kwanza haitoshi, pili haiji Januari. Tarehe za kuponi zimefungwa na tarehe hati ilipotolewa, hatuwezi kuomba zisogezwe ziendane na shule wala na safari za kupanda nyumbani Desemba.

Ukikaa miaka yote 10, hisa moja itakuwa imelipa kuponi 20, jumla 102,500, kisha inarudi 100,000 yake. Tukikumbuka kwamba mfumuko wa bei nchini kwa miaka ya karibuni umekuwa kati ya asilimia 3 na 5, riba yetu iko juu yake. Lakini laki moja ya mwaka wa kumi haitanunua mfuko uleule wa bidhaa inaonunua leo, na hilo Serikali haifidii.

Serikali inakata kodi?

Kwenye hii, hapana. Riba ya hatifungani za Serikali za miaka mitano na kuendelea haikatwi kodi ya zuio. Ya miaka miwili hukatwa asilimia 10.

Kwa nini hatukukopeshana wenyewe? Mkopo wa ndani unalipa zaidi.

Unalipa zaidi ukilipwa. Tunaowajua tunawajua, siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Sababu kubwa lakini ni nyingine. Angalieni daftari la mikopo: watu hukopa sana Januari kwa ajili ya ada, na tena msimu wa kulima. Miezi mingine sanduku limejaa na hakuna anayekuja. Zile 12,000,000 zilichangwa mahsusi, nje ya mzunguko wa mikopo, na mkutano ulikubaliana kwamba ziende mahali ambapo hazimtegemei mwanachama mmoja kurejesha. Mfuko wa mikopo uko palepale kwa mwenye shida. Atakayependekeza tuhamishe na huo kwenye hatifungani, mimi nitapinga, maana mgonjwa akipelekwa Mawenzi usiku hatuwezi kumwambia asubiri hati iive.

Nasikia bei imeshuka mpaka 92. Tumepata hasara?

Chukulia una fremu ya duka uliyoipangisha kwa mkataba wa miaka kumi, kodi isiyobadilika. Jirani zikijengwa fremu mpya zinazolipa kodi kubwa zaidi, anayetaka kununua ya kwako atakupunguzia bei, kwa sababu mkataba wako unalipa kidogo. Mpangaji wako lakini anaendelea kulipa kodi ileile, na wewe usiyeuza hujapoteza shilingi.

Hatifungani yetu iko hivyo. Riba za soko zikipanda, bei ya hati za zamani hushuka mpaka mnunuzi apate faida inayolingana na hati mpya. Anayeinunua yetu kwa 92 anapokea 10.25 kwa kila 92 alizotoa, sawa na kama asilimia 11.1, kabla hata ya kuhesabu punguzo atakalolipwa mwishoni. Riba zikishuka, mambo yanageuka. Aprili 2022 kuponi ya hatifungani mpya za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na ya miaka 25 kutoka 15.95 hadi 12.56. Waliokuwa wameshika zile za zamani wakawa na mali inayotafutwa, na anayeitaka alilazimika kulipa zaidi ya 100.

Kwa hiyo 92 ni hasara kwa anayeuza leo. Kwa anayebaki, Septemba atapokea 5,125 yake kama kawaida.

Nikitaka kutoka kabla ya miaka 10?

Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu ndipo vikundi vingi hugombana.

Hati haiwezi kurudishwa Benki Kuu kabla haijaiva. Inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam kupitia dalali, ila kipande kidogo kama cha hisa zako sita hakina mnunuzi wa haraka. Wakubwa wanatafuta mamia ya mamilioni. Ndiyo maana tuliandika kwenye katiba njia tatu, na zinafuatwa kwa mpangilio huu: kwanza mwanachama mwenzako ananunua hisa zako, akikosekana, mfuko wa kutokea unazinunua, ukiwa hautoshi, unasubiri mpaka kuponi ijayo, au mkutano uamue kuuza sehemu ya hati sokoni kwa gharama ya anayetoka.

Bei ya kutokea si ile uliyoingilia. Ni bei ya mwisho ambayo hati yetu au inayofanana nayo imeuziwa sokoni, tukiongeza riba ya siku zilizopita tangu kuponi ya mwisho, pamoja na sehemu yako ya mfuko.

Tuchukue mama mwenye hisa 6, aliyetoa 600,000. Anataka kutoka siku 120 baada ya kuponi ya Septemba, na bei ya soko ni 92. Hisa zake sita ni 6 mara 92,000, yaani 552,000. Kati ya malipo ya Septemba na ya Machi kuna siku 181, kwa hiyo riba aliyokwisha kuivuna ni 5,125 mara 120 gawanya kwa 181, ambayo ni kama 3,398 kwa hisa. Kwa hisa sita inakuja 20,387. Sehemu yake ya mfuko ni 6 mara 5,500, yaani 33,000. Jumla anaondoka na 605,387, mbali na 30,750 aliyopokea Septemba.

Akitokea mwenzake wa kununua, analipa kiasi hicho na kuchukua kila kitu, hati na sehemu ya mfuko, na Machi kuponi nzima ni yake. Hati yenyewe haiguswi. Tunabadilisha daftari tu, wote wawili wakisaini mbele ya mwenyekiti. Wenzangu, hii ndiyo njia bora na naiombea itumike.

Asipotokea mnunuzi, mfuko unalipa, na unabaki na 54,613. Maana yake wa pili atakayetaka kutoka mwezi uleule hatalipwa. Zile hisa sita zinakuwa za kikundi, na kuponi zake zinarudi kujaza mfuko hadi apatikane wa kuzinunua. Kwa hiyo kama unajua utahitaji fedha zako ndani ya mwaka mmoja au miwili, usiongeze hisa. Wanaotaka kutoka wakiwa wanne kwa pamoja, na bei ikiwa 88, hakuna katiba itakayowapa walichoingia nacho.

Cheti kiko wapi? Nataka kukiona.

Hakuna cheti cha karatasi. Umiliki umeandikwa kwenye daftari la kielektroniki la Benki Kuu, kwenye akaunti ya hifadhi inayoitwa CSD, ambayo benki yetu ilitufungulia. Kinachoweza kuonekana ni taarifa ya akaunti hiyo. Inaonyesha jina la mwenye hati, namba ya hati, thamani yake, kiwango cha kuponi na tarehe ya kuiva. Nimeibandika nakala kwenye daftari la vikao, na mwanachama yeyote ana haki ya kuipiga picha.

Mstari wa kuangalia kwanza ni jina. Lazima lisomeke jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili cha halmashauri. Kuna vikundi vinavyomwambia mweka hazina afungue akaunti kwa jina lake kwa sababu ni haraka, hakuna kuandaa muhtasari wala kukusanya picha za watia saini. Mimi nilikataa. Siku nikifa, hati iliyo kwa jina langu inaingia kwenye mirathi yangu, na wanangu hawana habari na hisa zenu 120. Mngejikuta mahakamani mnathibitisha kwa daftari la mkono kwamba mali ya marehemu si ya marehemu.

Kuponi nayo inaingia kwenye akaunti ya benki ya kikundi moja kwa moja, ambayo kutoa fedha kunahitaji saini tatu. Mimi ni mmoja tu kati ya hao.

Mwanachama akifariki?

Hisa zake zinaendelea kupata kuponi na tunazitunza. Tutamlipa aliyetajwa kwenye fomu ya mrithi, kwa hesabu ya anayetoka, au tutamwandika kuwa mwanachama akipenda. Kama fomu haina jina, familia italeta msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kikundi hakiamui kati ya ndugu. Fomu saba bado ziko wazi kwenye faili, mnajijua.

Kuponi tugawane au tununue hatifungani nyingine?

Mkutano ndio utaamua, mimi natoa hesabu tu. Kiwango cha chini cha kuomba ni milioni 1, na kuanzia hapo unaongeza kwa laki moja moja. Kuponi moja ya 615,000 haifiki. Mbili zinafika: 1,230,000 kwa mwaka, ambayo kwa bei ya 94.50 inanunua hati ya 1,300,000 kwa 1,228,500. Hiyo ingeongeza 66,625 kila miezi sita, kama kuponi yake ni ileile. Maoni yangu ni tugawane mwaka wa kwanza, watu waione hela mkononi, halafu mwaka wa pili tuzungumze. Kuna wazee kati yetu ambao hawana haja ya kuongeza hati ya miaka kumi.

Serikali ikishindwa kulipa?

Kwa shilingi, hakuna mkopaji wa uhakika zaidi nchini, na mabenki yenyewe hukubali hatifungani kama dhamana ya mkopo. Hatari inayotuhusu zaidi ni ile niliyokwisha kueleza: kulazimika kuuza wakati bei iko chini.

Kuna mtu amenipigia, anasema ana hatifungani za Serikali zinazolipa kila mwezi, nitume hela kwa simu.

Usitume. Hatifungani za Serikali hulipa kila miezi sita, na hakuna ofisa wa Benki Kuu anayepokea fedha za mnada kwenye namba ya simu ya mtu. Akikuambia ana kibali, mwombe akaunti ya CSD ifunguliwe kwa jina lako kwenye benki yako mwenyewe, uone kama atapiga tena. Ukiwa na shaka, Benki Kuu ina tawi Arusha. Ni safari ya asubuhi kwenda na jioni kurudi.

Nina hela yangu binafsi, naweza kununua peke yangu?

Kama inafika milioni 1, unaweza. Nenda benki yako au kwa dalali wa soko la hisa na kitambulisho cha taifa, ufungue CSD, usubiri mnada. Hailazimiki kupitia kikundi, na ukinunua mwenyewe, kuuza ni uamuzi wako peke yako.

Kikao kijacho kitakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, mahali pale pale. Nitakuja na taarifa ya CSD na taarifa ya benki. Wale saba waje na majina ya warithi na namba zao za simu.

Mweka hazina wenu
Moshi